Tusiishie kwenye tarehe: lebo ya unga wa mtoto ina mengi ya kusomwa

Katika maduka ya Bukoba mjini, na hata katika yale madogo ya kando ya barabara iendayo Muleba, wanunuzi wana desturi moja. Mama anachukua pakiti ya unga wa lishe, anaigeuza juu chini, anatafuta tarehe. Asipoiona anamwonyesha muuzaji. "Dada, hii bado?" "Bado, mama, mpaka mwezi wa kumi." Basi, hela inatoka, unga unaingia kwenye kikapu. Kusoma lebo kumeishia hapo.

Desturi hiyo ni njema na sitaki ife. Lakini tarehe peke yake haimwambii mama kilichomo ndani ya pakiti, haimwambii kipo kiasi gani, na mara nyingi haimwambii hata hiyo tarehe yenyewe inaonya juu ya nini. Msimamo wangu ni huu: mtengenezaji anayechora dagaa na karanga mbele ya pakiti ya chakula cha mtoto alazimike kuandika asilimia ya dagaa na karanga hizo, na tarehe anayoigonga iseme wazi kama ni ya ubora au ya usalama. Na sisi wanunuzi tusisubiri alazimishwe ndipo tuanze kusoma.

Nimechagua unga wa lishe kwa sababu maalumu. Huku kwetu mtoto huanzishiwa ndizi mapema, na ndizi, pamoja na sifa zake zote, ina protini kidogo sana. Mama anayenunua unga wa lishe ananunua kile ambacho sahani ya ndizi haina: protini ya soya, ya karanga, ya dagaa. Je, anakipata?

Orodha hufuata uzito

Nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, kuna mstari unaoanza na neno "viambato" au "mchanganyiko". Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa ndipo pa kuinama. Kanuni inayotumika karibu dunia nzima, iliyomo katika kiwango cha Codex Alimentarius cha mwaka 1985 kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa na kufuatwa na viwango vya Afrika Mashariki, inasema viambato viorodheshwe kuanzia kizito zaidi hadi chepesi zaidi, kwa uzito wake wakati kinaingia kwenye mchanganyiko. Mtengenezaji hana ruhusa ya kupanga apendavyo. Cha kwanza ndicho kingi, cha mwisho ndicho kidogo.

Tuchukue pakiti ya mfano ya kilo moja. Mbele kuna picha ya dagaa na karanga, na mtoto anacheka. Nyuma imeandikwa: mahindi, soya, ulezi, karanga, dagaa. Tuseme aliyechanganya alipima mahindi gramu 620, soya 150, ulezi 120, karanga 70 na dagaa 40. Orodha yake ni ya haki kabisa, hajavunja kanuni yoyote. Sasa mama anachota gramu 50 za unga huo kupika bakuli moja la uji. Katika bakuli hilo mahindi ni gramu 31, karanga ni gramu tatu na nusu, na dagaa ni gramu mbili. Kile kilichojaza picha ya mbele ndicho kilichokuja mwisho kwenye mizani.

Lazima niwe mkweli kwa upande wa mtengenezaji pia. Dagaa wanaoingia kwenye unga ni wakavu, maji yameshatoka. Gramu 40 za dagaa wakavu zilikuwa dagaa wabichi wengi zaidi, mara tatu au nne ya uzito huo. Kwa hiyo kuja mwisho kwenye orodha hakumaanishi kuwa dagaa hawana kazi. Jambo hili hufanya kazi kinyume pia. Kiambato kilichojaa maji, kama nyanya mbichi kwenye sosi au ndizi mbichi kwenye krispi, hupanda juu ya orodha kwa sababu ya maji ambayo mengine yatakauka jikoni. Orodha hupima kilichoingia. Baada ya kupikwa, uwiano unaweza kuwa mwingine.

Kuna udhaifu wa pili, na huu ndio unaowapotosha wengi. Orodha hukupa mpangilio bila kukupa pengo. Tazama pakiti nyingine ya mfano: soya gramu 250, mahindi 240, mchele 230, ulezi 180, karanga 60, dagaa 40. Soya imetajwa ya kwanza, na muuzaji atasema kwa moyo mweupe kwamba huu ni unga wa soya. Lakini jumlisha mahindi, mchele na ulezi: gramu 650. Karibu theluthi mbili za pakiti ni nafaka, ila zimegawanywa katika majina matatu, na kila jina peke yake likawa dogo kuliko soya. Pakiti hii ni bora kuliko ile ya kwanza, iliyokuwa na nafaka gramu 740, na mama anayeweza kuilipia asiiache. Ila asije akadhani nusu yake ni soya. Njia ya kujilinda ni rahisi: unaposoma orodha, kusanya jamaa moja pamoja. Nafaka zote ziwe fungu moja. Kwenye vinywaji vya watoto fanya vivyo hivyo kwa sukari, glukosi na sharubati ya mahindi, maana zote ni sukari.

Dawa ya pengo hilo ipo tayari. Kiwango hichohicho cha Codex kinataka kiambato kikipewa uzito wa pekee kwenye lebo, kwa maneno au kwa picha, basi asilimia yake itajwe. Ukichora dagaa, andika "dagaa 4%". Ni namba moja na alama moja. Haiongezi gharama ya wino, haihitaji mashine. Aliyechanganya anaijua, kwa sababu alipima. Kwa nini basi mama asiijue?

Mzio nao unasomwa kwenye mstari huohuo. Karanga, maziwa, samaki na ngano ni miongoni mwa vyakula ambavyo kiwango kinataka vitajwe kila vinapotumika, hata vikiwa kidogo. Mtoto aliyewahi kuvimba midomo au kutoka vipele baada ya kula karanga asipewe unga ambao orodha yake humjui.

Uzito halisi na ujazo halisi

Sasa tuje kwenye kiasi. Maneno "uzito halisi" yana maana ya chakula peke yake, bila mfuko, bila boksi, bila kopo. Mfuko wa unga wa kilo moja unaweza kuwa na gramu 12 za karatasi na nailoni. Ukiuweka wote kwenye mizani na mizani ikasoma gramu 1,000 sawasawa, unga uliomo ni gramu 988. Anayetaka kupima kwa haki apime pakiti iliyojaa, amimine unga, apime mfuko mtupu, kisha atoe.

Je, gramu 12 zilizopungua ni wizi? Hapa inafaa tuwe waangalifu kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Mashine na mikono ya kufungasha haiwezi kutoa pakiti zinazolingana gramu kwa gramu. Kanuni ya kimataifa ya vipimo vya bidhaa zilizofungashwa hukubali kwamba pakiti moja moja ya kati ya gramu 500 na kilo moja inaweza kupungua hadi gramu 15. Lakini kanuni hiyo ina mguu wa pili, na ndio unaomlinda mnunuzi: wastani wa pakiti zote za shehena usishuke chini ya kilichoandikwa. Zikiwepo zilizopungua gramu kumi, ziwepo na zilizozidi. Kwa hiyo pakiti moja yenye gramu 988 haithibitishi lolote. Pakiti kumi za siku moja, zote zikiwa kati ya 985 na 990, zinasema kwamba mashine imetegwa chini, au kibaba cha kuchotea ni kidogo, na mwenye kiwanda analijua hilo au hakutaka kulijua.

Haba na haba hujaza kibaba. Upungufu wa gramu 12 kwa kila kilo, kwenye pakiti elfu moja, ni kilo 12 za unga ambazo zimelipiwa na hazikuliwa na mtoto yeyote. Mwenye malalamiko ya namna hiyo ayapeleke Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni hiyo. Na wakaguzi wenyewe wasiishie kwenye mizani ya sokoni na magunia ya lumbesa. Waingie na kwenye rafu za maduka.

Asali inatufundisha jambo jingine kuhusu kiasi, na asali haikosekani kwenye maduka yetu. Chupa moja imeandikwa gramu 500, ya pili mililita 500. Mnunuzi anaona 500 na 500, anachagua ya bei nafuu. Lakini asali ni nzito kuliko maji. Lita yake moja ina uzito wa karibu kilo moja na gramu 400. Chupa ya mililita 500 ina karibu gramu 700 za asali, na chupa ya gramu 500 ina ujazo wa mililita 350 na ushee tu. Tuseme ya gramu 500 inauzwa shilingi 9,000 na ya mililita 500 shilingi 11,000. Kwa kilo, ya kwanza ni shilingi 18,000 na ya pili ni kama shilingi 15,700. Iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Kiwango kinaruhusu vyakula vizito vya kumiminika kama asali viandikwe kwa uzito au kwa ujazo, kwa hiyo wauzaji wote wawili hawajakosa. Anayetakiwa kuangalia herufi zinazofuata namba ni mnunuzi. Kwa mafuta ya kula hesabu hugeuka: lita moja haifiki kilo, ni kama gramu 910 hadi 920.

Tarehe mbili, maana mbili

Nimeiacha tarehe mpaka hapa kwa makusudi, maana ndiyo tunayoiamini kuliko yote na ndiyo tunayoielewa vibaya kuliko yote. Pakiti nyingi hapa nchini zina maneno "mwisho wa matumizi" au herufi EXP tu, iwe ni unga, majani ya chai, kahawa, mtindi au samaki. Vyote vinapewa maneno mamoja, ingawa haviharibiki kwa namna moja.

Codex ilipopitia upya kiwango chake mwaka 2018 ilizitenganisha tarehe mbili. Ya kwanza ni "bora kabla ya". Hii ni ahadi ya ubora: mpaka siku hii, ikiwa pakiti haijafunguliwa na imehifadhiwa kama ilivyoelekezwa, chakula kitakuwa na ladha, harufu na hali iliyoahidiwa. Baada ya hapo kinaweza kupungua uzuri huku kikiwa bado kinalika. Ya pili ni "tumia kabla ya". Hii ni ya usalama: baada yake chakula kisiuzwe wala kisiliwe.

Tofauti inatokana na maji yaliyomo kwenye chakula. Kahawa ya unga inayoyeyuka, kama ile inayotengenezwa hapa Bukoba na TANICA, ni kavu mno kwa bakteria kukua. Ikipitisha tarehe hupoteza harufu, na ikiingiwa na unyevu hugandamana. Mchele, sukari, chumvi na maharage makavu ni hivyohivyo. Senene waliokaangwa wakakauka vizuri hawaozi upesi, ila mafuta yao huchacha. Hivi vyote vinastahili "bora kabla ya", na vingine, kama chumvi na sukari, Codex haivilazimishi hata kuwa na tarehe.

Kwa upande mwingine wapo maziwa yaliyochemshwa kiwandani na kuwekwa kwenye jokofu, nyama iliyokatwa, minofu ya sangara iliyopozwa. Hapa maji ni mengi, na wadudu wa maradhi wanaweza kukua bila kubadili harufu wala rangi. Mfano unaonitisha ni wa ng'ambo lakini unatuhusu sisi tunaoishi kando ya ziwa. Mwaka 1963 huko Marekani, samaki wa moshi kutoka Maziwa Makuu ya nchi hiyo, waliofungashwa kwenye nailoni iliyotolewa hewa, walisababisha ugonjwa wa botulizimu na vifo. Bakteria wa ugonjwa huo hupenda pasipo na hewa, na sumu yake mtu haioni. Kutoa hewa kulifanya pakiti ipendeze na kudumu, na kukamfaa yeye pia kila samaki walipoachwa nje ya baridi. Leo samaki wa moshi wanaanza kufungwa namna hiyo hata kwetu. Pakiti ya aina hiyo inahitaji maneno mawili pamoja: "tumia kabla ya", na "hifadhi kwenye baridi". Ikikaa juu ya meza ya duka lisilo na jokofu, tarehe iliyoandikwa haina maana tena, hata kama imebaki wiki tatu.

Tukizichanganya tarehe hizi, kaya inaumia pande zote mbili. Mama anamwaga kilo mbili za mchele mzuri kwa sababu tarehe ilipita juzi. Jirani yake, aliyewahi kula biskuti zilizopita tarehe na asidhurike, anajifunza kwamba tarehe ni maneno ya serikali tu, kisha anakunywa maziwa ya jokofu yaliyopita siku tano. Kosa la pili limezaliwa na kosa la kwanza. Onyo moja likitumika kwa kila kitu, watu huacha kulisikia.

Na unga wa lishe je, uko upande gani? Kwa ukavu wake ni wa "bora kabla ya". Lakini una karanga, soya na dagaa, na mafuta yao huchacha. Utajua kwa harufu ya mafuta ya zamani au ya rangi ya mlango, na kwa uchungu unaobaki kooni baada ya kulamba kidogo. Kugandamana kwa mabonge ni dalili ya unyevu, na nyuzi nyeupe kama utando ni dalili ya wadudu. Kwa unga wa mtu mzima ningesema chunguza kisha uamue. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili sisemi hivyo. Ukipita tarehe, usimpe. Mtoto hawezi kukueleza kwamba uji ni mchungu, atakataa tu kula, na wewe utadhani anadeka.

Usisahau masharti ya hifadhi yaliyoandikwa pembeni ya tarehe: mahali pakavu, pasipo na joto. Bukoba hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Unga uliowekwa sakafuni dukani, ukutani kukiwa na unyevu, hautafika tarehe yake salama. Na pakiti ikishafunguliwa, ile tarehe haikuhusu tena. Mimina kwenye chombo chenye mfuniko unaobana na umalize ndani ya wiki chache. Wapo pia wauzaji wanaofungua mfuko mkubwa na kuupima upya kwenye nailoni nyeupe. Unga huo hauna orodha, hauna uzito, hauna tarehe, na anayeununua hana cha kuuliza.

Kisichoandikwa kwenye lebo

Hata lebo iliyoandikwa vizuri ina mipaka. Tarehe huhesabiwa kuanzia siku ya kufungasha, haisemi mahindi yalikaaje kabla ya hapo. Mwaka 2016 sumukuvu iliwapata watu wa Dodoma na Manyara, 68 waliripotiwa kuugua na 20 wakafariki, chanzo kikiwa mahindi yao wenyewe yaliyoingiwa na ukungu. Sumukuvu haitoki kwa kupika wala kwa kusaga, na karanga ndizo rafiki zake wakubwa pamoja na mahindi. Pakiti ya unga wa mahindi na karanga inaweza kuwa na tarehe ya miezi minane mbele na bado ikawa na sumu tangu siku ya kwanza. Hilo hulindwa kwa kukausha, kuchambua na kupima maabara, na ndiyo maana alama ya ubora ya TBS kwenye pakiti ina uzito. Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula ulipohamishwa kutoka TFDA, shirika hilo ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula na ya lebo kwa pamoja.

Kwa hiyo ombi langu naliweka mlangoni pa TBS. Katika kukagua lebo za unga wa lishe na vyakula vingine vya watoto, lisipitishe picha ya kiambato ambacho asilimia yake haikuandikwa. Lisikubali "mwisho wa matumizi" kwa kila kitu. Limtake mtengenezaji achague moja kati ya "bora kabla ya" na "tumia kabla ya", na ajibu kwa nini amechagua hiyo. Maafisa wake walioko mpakani Mutukula waangalie bidhaa zinazoingia kwa jicho hilohilo, na tarehe za namba tupu, ambazo mtu hajui ipi ni siku na ipi ni mwezi, zirudishwe zilikotoka.

Kina mama wajasiriamali wa Muleba na Bukoba wanaosaga unga huu majumbani wasione ombi hili kama mzigo. Wengi wao wanachanganya kwa uaminifu kuliko viwanda vikubwa, wana mizani, wanajua walichopima. SIDO huwapa mafunzo ya ufungashaji, na somo la lebo liwe sehemu ya kwanza ya mafunzo hayo badala ya kuwa la mwisho. Anayeweka dagaa asilimia kumi akiandika kumi, mnunuzi atamtofautisha na anayeweka asilimia mbili na picha kubwa. Leo wote wawili wanaonekana sawa, na mwaminifu ndiye anayepata hasara.

Nawe unayekwenda dukani wiki hii, geuza pakiti kama kawaida yako, itafute tarehe, kisha usome na mistari iliyo juu yake. Usipoona asilimia ya dagaa waliochorwa mbele, muulize muuzaji. Naye amuulize aliyemletea.